Idhini ya Benki si Kitambulisho cha Mnunuzi: Utambuzi wa Oda za Kadi Zilizoibwa katika Maduka Madogo ya Mtandaoni

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna mmiliki wa duka dogo la mtandaoni anavyoweza kutambua oda iliyolipiwa kwa kadi ya benki iliyoibwa kabla hajakabidhi bidhaa kwa msafirishaji. Mfano unaotumika ni duka la simu lililopo Dar es Salaam, ambalo hupokea malipo ya kadi kutoka kwa Watanzania waishio ughaibuni wanaowanunulia ndugu zao waliopo nchini. Hoja kuu ni kwamba idhini ya benki huthibitisha hali ya kadi, haithibitishi nani anayeitumia. Aidha, makala inaonesha kwamba hakuna dalili moja inayotosha kuihukumu oda, kwa kuwa mnunuzi halali wa ughaibuni na mlaghai hufanana katika dalili zinazotajwa mara nyingi zaidi. Kinachowatenganisha ni namna dalili hizo zinavyohusiana, na jinsi mnunuzi anavyopokea ombi la kuthibitisha malipo.

1.0 Utangulizi

Biashara ya mtandaoni nchini Tanzania hutegemea kwa kiasi kikubwa malipo ya simu na malipo ya taslimu wakati wa kupokea mzigo. Katika mazingira hayo, muuzaji mdogo hakutani mara kwa mara na tatizo la kadi zilizoibwa. Tatizo hujitokeza pale anapofungua lango la malipo ya kadi ili kuwafikia wanunuzi walio nje ya nchi. Miongoni mwa wanunuzi hao ni mtu anayefanya kazi Marekani au Uingereza na anayetaka mama yake aliyeko Tanga apate simu mpya bila kusubiri msafiri wa kuibeba.

Kwa umbo lake, biashara ya namna hii ina sifa ambayo miongozo mingi ya usalama wa malipo huihesabu kuwa hatari: kadi imetolewa nchi moja, na bidhaa inapokelewa nchi nyingine kwa jina la mtu mwingine. Iwapo muuzaji atakataa kila oda yenye sifa hiyo, atakuwa amewafukuza wateja ambao kwa ajili yao alifungua lango la kadi. Iwapo atazikubali zote, atakuwa ameacha mlango wazi kwa mlaghai aliyeko Dar es Salaam mwenye namba ya kadi ya mtu wa mbali. Swali linalojibiwa na makala hii ni namna muuzaji anavyoweza kuwatenganisha watu hao wawili kwa kutumia taarifa zinazoonekana kwenye ukurasa wake wa usimamizi wa oda.

Ukubwa wa hasara hueleweka vizuri kwa hesabu ndogo. Tuchukulie kwamba simu inayouzwa shilingi 1,450,000 ilinunuliwa na muuzaji kwa shilingi 1,300,000. Faida yake ni shilingi 150,000. Simu moja ikichukuliwa kwa kadi iliyoibwa, muuzaji atalazimika kuuza nyingine 9 ili kurudisha mtaji uliopotea, kabla ya kuhesabu nauli ya mzigo na ada ya mgogoro anayotozwa na mtoa huduma za malipo. Kwa duka linalouza simu chache kwa wiki, oda moja ya simu tatu inaweza kumaliza faida ya miezi kadhaa.

2.0 Kinachothibitishwa na idhini ya benki

Mnunuzi anapojaza namba ya kadi, lango la malipo hupeleka ombi kwa benki ya muuzaji, nayo hulipitisha katika mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, hadi benki iliyotoa kadi. Benki hiyo huangalia kama kadi ipo hai, kama haijaripotiwa kupotea, na kama kuna salio au mkopo wa kutosha. Baadhi ya benki hupima pia kama matumizi hayo yanalingana na mwenendo wa mteja wake. Baada ya hapo hurudisha jibu la kukubali au kukataa, na mzunguko huo wote huchukua sekunde chache.

Ni muhimu kuzingatia kile ambacho jibu hilo halisemi. Kadi iliyoibwa namba zake kupitia tovuti bandia au mfumo uliodukuliwa bado ipo kwenye pochi ya mwenyewe. Hajui kwamba imeibwa, hivyo hajairipoti. Kwa benki, kadi hiyo ni hai na ina fedha, na idhini hutolewa. Muuzaji anayesoma neno "imekubaliwa" na kudhani kwamba benki imemhakikishia mnunuzi anakuwa amesoma zaidi ya kilichoandikwa.

Ukweli hujitokeza pale mwenye kadi anapopitia taarifa ya matumizi na kuona malipo asiyoyatambua. Huijulisha benki yake, nayo huanzisha urejeshaji malipo, yaani fedha kuondolewa kwenye akaunti ya muuzaji na kurudishwa kwa mwenye kadi. Kwa madai ya aina hii, kanuni za Visa na Mastercard huruhusu benki kuanzisha mgogoro ndani ya siku 120 tangu muamala uchakatwe. Oda ya tarehe 3 Machi inaweza kupingwa hadi tarehe 1 Julai au karibu na siku hiyo. Kwa hiyo, fedha kuingia kwenye akaunti ya muuzaji baada ya siku mbili au tatu si ushahidi kwamba oda ilikuwa salama.

Risiti ya kukabidhi mzigo nayo haimsaidii muuzaji kama anavyotarajia. Mwenye kadi hadai kwamba mzigo haukufika, bali anadai kwamba hakuuagiza. Saini ya mpokeaji wa Mwanza haithibitishi kwamba mwenye kadi wa Ohayo ndiye aliyelipa. Kwa sababu hiyo, kinga yenye nguvu ni ile inayofanyika kabla bidhaa haijatoka dukani.

3.0 Dalili zinazopaswa kukaguliwa

3.1 Historia ya majaribio

Dalili ya kwanza haipo kwenye oda iliyokamilika bali kwenye majaribio yaliyoitangulia. Mlaghai aghalabu huwa na namba za kadi nyingi na hajui ni ipi ingali hai. Hujaribu moja, ikikataliwa hujaribu nyingine, hadi moja ipite. Ukurasa wa malipo huhifadhi mfuatano huo pamoja na tarakimu nne za mwisho za kila kadi.

Mnunuzi halali pia hukataliwa, lakini kwa namna tofauti. Aghalabu hurudia kadi ileile baada ya kusahihisha tarehe ya mwisho wa matumizi, au hubadilisha mara moja kutumia kadi yake ya pili yenye jina lilelile. Kadi tatu zenye majina tofauti, au zilizotolewa na benki za nchi tofauti, ndani ya dakika chache kutoka kwenye kifaa kimoja, ni jambo ambalo ni vigumu kulipatia maelezo ya kawaida. Muuzaji anayefungua oda zilizofanikiwa tu, bila kutazama zilizoshindikana, huikosa dalili hii kabisa.

3.2 Majibu ya ukaguzi wa anwani na namba ya usalama

Pamoja na idhini, lango la malipo huweza kurudisha majibu ya kaguzi mbili. Ukaguzi wa kwanza hulinganisha anwani ya malipo aliyoandika mnunuzi na ile iliyopo benki, na kwenye ukurasa huoneshwa kwa jina AVS. Katika majibu ya kawaida ya Visa kwa kadi za Marekani, Y humaanisha kwamba namba ya jengo na postikodi vinalingana. A, kwamba anwani inalingana lakini postikodi hailingani. Z, kwamba postikodi inalingana lakini anwani hailingani. Na N, kwamba vyote havilingani. Ukaguzi wa pili ni wa namba fupi ya usalama, CVV, ambapo M humaanisha inalingana na N hailingani.

Majibu haya yana mipaka miwili ambayo muuzaji wa Afrika Mashariki anapaswa kuielewa. Kwanza, ukaguzi wa anwani hufanya kazi zaidi kwa kadi za Marekani, Kanada na Uingereza. Kadi iliyotolewa Tanzania, Omani au Ujerumani kwa kawaida hurudisha jibu la kutopatikana, kama vile U au G, na jibu hilo si dalili njema wala mbaya. Pili, ukaguzi hulinganisha hasa tarakimu. Mnunuzi anayeandika namba ya chumba mbele ya namba ya jengo anaweza kupata Z ilhali anwani yake ni sahihi. Kinyume chake, taarifa za kadi zilizoibwa mara nyingi huuzwa zikiwa na jina, anwani na namba ya usalama, hivyo mlaghai anaweza kupata Y na M. Majibu mabaya yanadai maelezo, lakini majibu mazuri hayafungi uchunguzi.

3.3 Uhusiano wa kadi, kifaa na mpokeaji

Tarakimu sita au nane za mwanzo za kadi huonesha benki na nchi iliyoitoa. Anwani ya IP hukadiria mahali kilipo kifaa kilichotumika kuagiza. Taarifa za usafirishaji huonesha mahali alipo mpokeaji. Muuzaji anapaswa kuviweka vitu hivi vitatu pamoja na kujiuliza ni hadithi gani ya maisha ya kawaida inayoviunganisha.

Kadi ya Marekani, kifaa kilichopo Marekani na mpokeaji wa Tanga vinasimulia hadithi inayoeleweka ya mtu aliye ughaibuni anayenunulia nyumbani. Kadi ya Marekani, kifaa kilichopo Dar es Salaam na mpokeaji wa Dar es Salaam vinaweza kuwa vya mtu aliyerudi likizo au mgeni aliyekuja kutembea, lakini hadithi hiyo inahitaji kuthibitishwa. Izingatiwe kwamba anwani ya IP inaweza kufichwa kwa huduma za kubadili mahali, na kwamba mitandao ya simu wakati mwingine huonesha mji usio sahihi. Nchi huaminika kuliko mji.

3.4 Mabadiliko na maombi baada ya malipo

Dalili za kundi la mwisho hutokana na mazungumzo. Mlaghai huwa na sababu ya kuharakisha, kwa kuwa kila saa inayopita humpa mwenye kadi nafasi ya kugundua. Ndiyo maana huuliza mara kwa mara kama mzigo umetoka, na hajali gharama ya usafiri wa haraka. Ombi lenye uzito zaidi ni la kubadili mahali pa kupokelea baada ya malipo kukubaliwa: oda ililipwa ikiwa na anwani ya nyumba, kisha anaomba mzigo ukabidhiwe kwa bodaboda atakayetumwa, au uachwe kwa wakala wa basi.

Ombi jingine ni la kumtaka muuzaji atoze kadi kiasi kikubwa kuliko bei, kisha ziada aitume kwa simu kwa "msafirishaji" aliyechaguliwa na mnunuzi. Hapa bidhaa inaweza kuwa kisingizio tu, kwani lengo ni kuigeuza kadi ya mtu kuwa fedha taslimu kwa mkono wa muuzaji. Vivyo hivyo kwa mnunuzi anayeghairi oda na kutaka fedha zirudishwe kwenye namba ya simu badala ya kadi aliyolipia. Maombi haya mawili yanapaswa kukataliwa hata kama dalili nyingine zote ni nzuri.

4.0 Uchambuzi wa oda mbili

Oda zifuatazo zimebuniwa kwa ajili ya uchambuzi. Duka limezipokea siku moja, na zote zina kadi ya Marekani na mpokeaji aliyepo Tanzania.

Oda ya kwanza ni ya simu moja ya shilingi 1,450,000. Mpokeaji ni mwanamke wa Tanga mwenye jina la ukoo sawa na la mwenye kadi. Malipo yalikubaliwa kwa jaribio la kwanza. Ukaguzi wa anwani umerudisha Z, na namba ya usalama M. Kifaa kilichotumika kipo Marekani, katika jimbo lilelile la anwani ya malipo. Kabla ya kulipa, mnunuzi aliuliza kama simu hiyo inatumia laini mbili na kama kuna mtu wa kumsaidia mama yake kuiwasha.

Oda ya pili ni ya simu tatu za aina moja, jumla ya shilingi 4,350,000. Kadi mbili zenye majina tofauti zilikataliwa saa 8:02 na 8:04 mchana, na ya tatu ikakubaliwa saa 8:08. Ukaguzi wa anwani umerudisha Y, na namba ya usalama M. Kifaa kipo Tanzania. Baruapepe ina jina lisilohusiana na mwenye kadi. Dakika 40 baadaye mnunuzi aliandika kwamba mzigo usipelekwe kwenye anwani ya awali, bali uachwe kwa wakala katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Mbezi, ambako kijana wake angeuchukua jioni hiyo.

Muuzaji anayetegemea majibu ya anwani peke yake ataipitisha oda ya pili na kuizuia ya kwanza. Atakuwa amekosea mara mbili. Katika oda ya kwanza, dalili mbaya ni moja, nayo ina maelezo mepesi: mnunuzi aliandika namba ya chumba mbele ya namba ya jengo. Taarifa nyingine zote zinajenga hadithi moja, na maswali yake ni ya mtu anayemjali atakayeitumia simu. Katika oda ya pili, majibu mazuri yanaonesha tu kwamba aliyelipa anazo taarifa kamili za kadi. Majaribio matatu, kifaa kilicho mbali na kadi, bidhaa tatu zinazouzika haraka na mabadiliko ya mahali pa kupokelea vinaelekeza upande mmoja.

Hata hivyo, tathmini hiyo ni ya uwezekano, si hukumu. Kinachofuata ni kuwapa wanunuzi wote wawili nafasi sawa ya kuthibitisha.

5.0 Hatua za kuchukua kabla ya kusafirisha

Hatua ya kwanza ni kutenganisha idhini na ukusanyaji wa fedha, pale ambapo lango la malipo linaruhusu. Fedha huzuiliwa kwenye kadi bila kuchukuliwa, na muuzaji hupata muda wa kukagua. Oda ikionekana mbaya, zuio huondolewa na muamala hauendelei.

Hatua ya pili ni kumwomba mnunuzi alipe upya kupitia uthibitisho wa 3-D Secure, ambapo benki iliyotoa kadi humtaka mteja wake aingize namba ya siri ya muda mfupi au athibitishe kwenye programu ya benki. Hili ndilo swali ambalo idhini ya kawaida haikuliuliza. Kwa Visa, matokeo huoneshwa kama ECI: 05 humaanisha mwenye kadi amethibitishwa, na 07 kwamba hakuna uthibitisho uliofanyika. Kwa muamala uliothibitishwa, mzigo wa hasara ya kadi iliyoibwa kwa kawaida huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Katika mfano wetu, mnunuzi wa kwanza analipa upya jioni hiyo na kupata 05. Mnunuzi wa pili anajibu kwamba hana muda, anatishia kununua kwingine, kisha ananyamaza. Muuzaji anaondoa zuio, na simu zinabaki kabatini.

Hatua ya tatu inahusu kile ambacho muuzaji hapaswi kukiomba. Baadhi ya wauzaji huomba picha ya kadi pande zote mbili. Kufanya hivyo humfanya muuzaji awe mhifadhi wa taarifa ambazo viwango vya usalama wa kadi, PCI DSS, vinakataza kuhifadhi, hasa namba ya usalama baada ya idhini. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ya Tanzania inamwekea wajibu mtu anayekusanya taarifa za wengine. Simu ya muuzaji iliyojaa picha za kadi ikiibwa, yeye mwenyewe atakuwa chanzo cha wizi unaofuata.

6.0 Mipaka ya utambuzi

Utaratibu huu haukamati kila kitu. Mlaghai aliyeiteka akaunti ya mteja wa zamani huja na historia nzuri ya manunuzi, na dalili pekee inaweza kuwa kifaa kipya na mpokeaji mpya kwa wakati mmoja. Vilevile, mpokeaji anaweza kuwa mtu asiye na hatia: mlaghai hutangaza simu kwa bei ya chini, hupokea fedha za mnunuzi wa kweli, kisha humwagizia simu kutoka dukani kwa kadi iliyoibwa. Muuzaji akimpigia mpokeaji huyo, atajibiwa kwa uaminifu kwamba anaisubiri simu yake. Kwa hiyo swali lenye manufaa si kama anaisubiri, bali alimlipa nani na kwa njia gani.

Pia yupo mwenye kadi aliyenunua mwenyewe na baadaye akakana. Dhidi yake dalili za kadi iliyoibwa hazisaidii. Kinachosaidia ni kumbukumbu. Tangu Aprili 2023, kanuni za Visa zinaruhusu muuzaji kuonesha miamala miwili ya awali ya kadi hiyohiyo isiyopingwa, yenye umri wa kati ya siku 120 na 365, ambayo inalingana na muamala unaobishaniwa katika taarifa kama vile anwani ya IP au kifaa. Duka lisilohifadhi taarifa hizo haliwezi kunufaika na kanuni hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba oda ya kadi iliyoibwa haina alama moja inayoitambulisha. Tofauti ya nchi kati ya kadi na mpokeaji ni sehemu ya kawaida ya ununuzi wa ughaibuni, na majibu kamili ya anwani yanaweza kupatikana na mwizi. Historia ya majaribio, uhusiano wa kadi na kifaa, na maombi yanayokuja baada ya malipo vina uzito zaidi vinaposomwa kwa pamoja. Pale shaka inapobaki, uamuzi usifanywe kwa kukisia sura ya mnunuzi. Benki iliyotoa kadi ndiyo inayomjua mteja wake, na uthibitisho wa 3-D Secure ndio njia ya kuiuliza kabla kifurushi hakijapakiwa kwenye basi.